Ripoti ya wadaiwa duka la fenicha: nani kachelewa kweli?

SHABANI: Karibuni tena wasikilizaji wetu, leo niko na dada Rehema, ameshika hesabu za duka la fenicha pale Keko, Dar, miaka kadhaa. Dada, ile ripoti ya wateja wanaolipa kwa awamu, wenye maduka wengi wanaiprinti kila mwezi halafu wanapigia simu watu ambao sio, tatizo linaanzia wapi?

REHEMA: Asante kaka Shabani. Linaanzia kwenye safu moja tu, salio. Mtu anapanga ripoti kwa salio, mwenye salio kubwa anakaa juu, basi ndo anapigiwa wa kwanza. Kumbe yule kachukua kitanda na kabati wiki tatu zilizopita, salio lake ni 1,100,000 na hata awamu ya kwanza haijafika siku yake! Huyo hajachelewa chochote, unampigia ya nini?

SHABANI: Na ukimpigia anaudhika.

REHEMA: Lazima audhike. Salio ni pesa yote iliyobaki, kuchelewa ni ile ambayo siku yake imefika na haijalipwa, ni vitu viwili. Ngoja nikupe mfano nilioushika mwenyewe. Mama mmoja alichukua sofa ya 1,200,000, akaweka kianzio 300,000, ikabaki 900,000 kwa miezi 6, yaani 150,000 kila tarehe 5 kuanzia Februari mpaka Julai. Mimi natoa ripoti tarehe 20 Mei. Je, alitakiwa awe amelipa ngapi?

SHABANI: Februari, Machi, Aprili, Mei... nne. 600,000.

REHEMA: Ehee. Na kalipa Februari kamili, Machi kamili, halafu tarehe 20 Aprili kaleta laki moja tu. Jumla 400,000. Kwahiyo salio lake 500,000 lakini aliyochelewesha ni 200,000, zile 300,000 za Juni na Julai bado hazimhusu.

SHABANI: Sasa kachelewa siku ngapi? Maana wengine wanahesabu toka siku aliyolipa mara ya mwisho.

REHEMA: Ndo kosa la pili hilo na linaficha madeni mabaya. Ukihesabu toka malipo ya mwisho utasema siku 30. Mtu akileta elfu kumi kumi kila mwezi ataonekana mzima siku zote, huku deni linazeeka. Sisi tulikuwa tunafanya hivi, kila hela inayoingia inaziba kwanza awamu ya zamani kuliko zote, halafu inayofuata. Ile laki moja iliziba Aprili ikabaki 50,000, na hiyo 50,000 ilitakiwa tarehe 5 Aprili kwahiyo ina siku 45. Ya Mei 150,000 ina siku 15. Kwenye ripoti anagawanyika, 150,000 inakaa fungu la siku 1 hadi 30, na 50,000 fungu la 31 hadi 60. Orodha unaipanga kwa siku za awamu ya zamani, sio kwa ukubwa wa salio.

SHABANI: Hapo nimekupata kabisa. Na vipi mtu kalipa lakini ripoti inasema hajalipa?

REHEMA: Jamani hiyo iliniumiza sana. Kuna mteja nilimpigia kwa sauti ya kudai, akaniambia mbona mume wangu katuma kwa simu wiki iliyopita? Nikaangalia meseji za simu ya duka, kweli pesa ipo ila imekuja kwa jina la mume, na mimi kwenye daftari nilikuwa na jina la mke, kwahiyo nikaiacha pembeni nitafute mwenyewe baadaye na nikasahau. Niliomba radhi, ila yule mama hakurudi tena dukani. Tangu hapo kabla sijaprinti napitia meseji zote za malipo moja moja na daftari, ambayo haina mwenyewe naiandika ukurasa wake, na ukurasa ule ukiwa na hela hata moja simu hazipigwi mpaka mwenyewe apatikane. Na kila mkataba ukapewa namba, mteja anaitaja akituma.

SHABANI: Na yule mama wa sofa, ulimwambiaje?

REHEMA: Sikumwambia unadaiwa laki tano, ningemtisha bure na asingepokea simu tena. Nilimwambia mama, imebaki elfu hamsini ya Aprili na ya Mei yote, tuanze na hiyo ya Aprili, lini? Akasema tarehe 22. Nikaandika ahadi kwenye safu ya mwisho, tarehe na kiasi. Tarehe 22 ikaingia 50,000, Aprili ikafungwa, akahamia fungu la siku 1 hadi 30, akiwa na siku 17, na ya Mei aliimalizia mwisho wa mwezi mshahara ulipotoka.