Kazi ya Kugonga Laiki: Jinsi ya Kuwatambua Matapeli Kabla Hawajakuliza

Habari zenu, karibuni tena. Leo nawaonesha utapeli mmoja tu, ila nitauchambua mpaka mifupani, maana umemliza binamu yangu na ameniruhusu nitumie skrinshoti zake. Majina na namba nimeziziba.

Tazama skrini. Ujumbe wa kwanza wa WhatsApp unatoka namba ya nje ya nchi: "Hujambo, mimi ni afisa ajira. Tuna kazi ya nyumbani, dakika 30 kwa siku." Kazi yenyewe ni kugonga laiki kwenye video tatu za YouTube, shilingi 2,000 kila moja. Akagonga, akatuma skrinshoti, na shilingi 6,000 ikaingia kwenye M-Pesa.

Simamisha video hapo, uangalie vizuri. Wengi hudhani tapeli halipi. Huyu analipa, na hiyo 6,000 ndiyo chambo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoyahesabu malipo madogo ya mwanzo kama ushahidi wa lolote. Jiulize swali jingine: je, niliomba kazi hii? Binamu hakuwa ametuma maombi popote. Hakuulizwa hata anajua kufanya nini.

Hatua ya pili, angalia jina kwenye simu. Baada ya siku moja alihamishiwa kwenye grupu la Telegram, akaambiwa sasa kuna kazi za kulipia kabla: unaweka 30,000, unarudishiwa 39,000. Akaweka, akarudishiwa kweli. Lakini ona hapa: kabla hujathibitisha muamala, simu inakuonesha jina la mpokeaji. Mara ya kwanza lilitokea jina la mwanamke, mara ya pili la mwanaume, mara ya tatu la mtu mwingine kabisa. Kampuni gani hiyo inayopokea hela kwenye laini za watu binafsi, kila siku laini tofauti? Ukiona hivyo, bonyeza ghairi. Usiombe maelezo, kwa sababu maelezo wanayo tayari: "huyo ni mhasibu wetu."

Na wale wa kwenye grupu wanaopongezana, "asante mwalimu, nimetoa laki nane leo"? Ni wao kwa wao. Binamu alipouliza swali gumu hadharani, ujumbe wake ulifutwa ndani ya dakika moja.

Hatua ya tatu ipo kwenye kompyuta, ingawa hata simu inatosha. Chukua anwani ya tovuti waliyokupa, fungua ukurasa huu:

```
lookup.icann.org
```

Bandika jina la tovuti, tafuta, kisha shuka mpaka palipoandikwa Created. Hiyo ndiyo tarehe tovuti ilipoandikishwa. Hawa walidai wapo tangu 2015, tovuti yao ilikuwa na wiki tatu. Lakini tovuti ya zamani nayo haimsafishi mtu. Wapo wanaojiita kampuni ya kweli na kubadili herufi moja tu kwenye anwani, kwa hiyo isome herufi kwa herufi.

Sasa tufike walipomnasa. Aliambiwa zipo kazi tatu mfululizo, na huwezi kutoa hela mpaka umalize zote. Ya kwanza 100,000. Ya pili, ghafla, 280,000. Ya tatu 600,000, akakopa. Skrini ikamwonesha salio la 1,274,000. Alipobonyeza kutoa: akaunti imegandishwa, lipa kwanza kodi ya asilimia 20, yaani 254,800.

Hapa ndipo hatua ya nne. Waambie: kateni kodi humo humo kwenye salio langu, mnitumie inayobaki. Kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla hujalipwa. Watakataa, kwa sababu salio lile ni tarakimu zilizochapwa kwenye ukurasa wao, hakuna hela nyuma yake. Binamu hakulipa kodi, lakini ukitoa ile 15,000 waliyompa kama chambo, 965,000 ilishakwenda.

Mtu ataniuliza, mbona Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, nao wanauza Connects? Kweli, unazinunua ili kuombea kazi. Ila unailipa Upwork yenyewe, humlipi anayekupa kazi, na mteja akikuomba ada ili akuajiri, hapo umeshaingia kwa tapeli.

Kama umeshatuma, usisubiri kesho. Piga simu kwa mtandao wako waombe kuzuia muamala, ukiwa na namba ya kumbukumbu. Kwa Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Ukiwa Kenya, ujumbe wa M-Pesa uliokosea unauelekeza 456. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana, ndiyo maana dakika zina thamani. Kisha nenda polisi na skrinshoti zote. Usizifute kwa aibu.

Wiki mbili baadaye binamu alitumiwa ujumbe na "mwanasheria" anayerejesha hela zilizotapeliwa, kwa ada ya 50,000 tu. Namba ya binamu alikuwa ameipata wapi? Kwa wale wale.