Jinsia Siyo Jinsiya

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia palepale.

Fomu ya kuingia Ghuba ina kisanduku kimeandikwa al-jinsiya. Binti mmoja darasani kwangu hapa Kampala, msomaji mzuri wa herufi za Kiarabu tangu madrasa, akajaza: "Ke." Nikamwuliza kwa nini. "Mwalimu, si wameuliza jinsia?"

Haya. Jinsia yetu kwao ni jins, na jibu lake ni untha kwa mwanamke, dhakar kwa mwanamume. Acheni kucheka huko nyuma, neno hilo ni sisi tuliolipeleka kwingine! Jinsiya ni uraia. Alitakiwa aandike Ughandiya. Na kilichomponza ni kujua kusoma, maana asiyejua hata alifu angeuliza.

Akashuka hadi kafili. Akaandika jina la mjomba wake aliyeuza ng'ombe apate nauli. Kwa Kiswahili hana kosa: mdhamini ni nani kama si huyo? Lakini kafili wa Saudia ni mwajiri ambaye ukaazi wako umefungwa kwenye jina lake. Si mjomba, wala si wakala aliyekukatia tiketi. Jina lake limeshaandikwa kwenye viza. Wewe linakili herufi kwa herufi. Ukimwacha bila kuhamishwa rasmi, anaweza kuripoti kwamba umetoroka, wenyewe huita hurub, na hapo ukaazi wako umeingia matatani hata kama ni yeye aliyekunyima mshahara. Mageuzi ya Machi 2021 yaliyolegeza kamba hiyo hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani, na dada zetu wengi wanakwenda kwa kazi hiyohiyo.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, si kuna Kiingereza pembeni?" Kipo. Kinasema sponsa. Na sponsa kwa Mganda ni nani? Ni anayekulipia karo! Tumerudi kwa mjomba na ng'ombe wake.

Kusudi la kukaa, gharadh, yule binti aliandika "kutafuta riziki". Dua nzuri, ila afisa anatafuta neno moja linalolingana na viza. Amal ni kazi. Ziyara ni matembezi. Ukiambiwa unakwenda kazini halafu viza inasema ziyara, dawa si kubuni jibu dirishani. Ukiipata tu viza, kabla hujaaga nyumbani, rudi kwa wakala akueleze, kwa sababu viza hiyo haikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Kuna na iqama, ambayo msikitini ni kukimu sala na kule ni kadi ya ukaazi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Fomu ziko mezani. Jazeni al-jinsiya peke yake, napita kuangalia.