Tauni: kutoka kiroboto mpaka mapafu, na saa unazotakiwa kuzihesabu

Asalaam alaykum jamani. Leo hapa mezani nna chupa ya maji ya nusu lita, tonge la pamba, karatasi na kalamu, basi. Na wewe huko nyumbani zitafute tufanye pamoja, mie nimefanya kazi ya utabibu hapa Pemba miaka mingi na naona watu wanaelewa zaidi wakishika kitu mkononi kuliko kusikiliza tu.

Tuanze na kiroboto. Shika chupa, itilie maji kidogo, alafu sukuma pamba shingoni mpaka ikaze. Sasa mimina maji mengine kwa juu. Umeona? Hayashuki, yanarudi yanakumwagikia mkononi. Hivyo ndo anavyokuwa kiroboto wa panya aliyekunywa damu yenye bakteria wa tauni. Wale bakteria wanazaana wanashikana kama ute mzito, wanaziba njia ya chakula kabla haijafika tumboni. Kiroboto anakunywa lakini damu haifiki, ana njaa, anauma tena na tena, na kila akiuma damu inagonga pale palipoziba inarudi kwenye kidonda ikiwa imebeba bakteria. Yani njaa yake ndo inayomfanya awe hatari. Kwamba ni kiroboto alionesha Mfaransa mmoja, Simond, mwaka 1898 kule Karachi, kabla ya hapo watu walilaumu hewa, uchafu, kila kitu.

Sasa panya. Kiroboto huyu hakutaki wewe, anamtaka panya. Lakini panya akifa mwili ukapoa, viroboto wanahama kutafuta damu ya moto, na aliye karibu ni nani? Ni wewe unayelala sakafuni au mtoto anayecheza ghalani. Kwa hiyo kwenye eneo lenye tauni ukiona panya wanajifia wenyewe usimshike mkia ukamtupa nje, na usikimbilie sumu ya panya. Hapa watu wengi wanakosea: ukiua panya kwanza umewafukuza viroboto wote waje kwa binadamu. Kwanza inapigwa dawa ya viroboto ndani ya nyumba na kwenye mashimo, panya baadae. Sie hapa visiwani si eneo la tauni, lakini ng'ambo tu hapo Lushoto, milima ya Usambara, ilizuka 1980 ikawa inarudi rudi kwa zaidi ya miaka 20, na watu wa kwetu wanakwenda Tanga na kurudi kila wiki.

Haya, weka mkono wako kwenye kinena, hapo paja linapokutana na tumbo. Kiroboto akikuuma mguuni bakteria wanapanda mpaka kwenye tezi za hapo, wanazaana, na baada ya siku mbili mpaka saba au nane hivi homa inakuja ghafla na kutetemeka na mtoki unavimba. Akikuuma mkononi, mtoki unatoka kwapani. Utasema mbona mtoki sote tunao, ukijikata jembe mguuni unatoka! Kweli, lakini ule wa kidonda unaukanda na unatembea nao. Huu wa tauni unauma vibaya, mtu hanyooshi mguu, shuka likigusa tu analia, na homa iko juu tangu siku ya kwanza. Wala si kama matende, hayo yanakwenda polepole kwa miaka.

Mgonjwa wa mtoki ukikaa nae chumba kimoja kwa kawaida hakuambukizi, labda ushike usaha wake. Tatizo ni asipotibiwa. Bakteria wanatoka kwenye tezi wanaingia damuni, na damu inawafikisha mapafuni. Akianza kukohoa tu, mambo yamebadilika kabisa, sasa hahitaji tena panya wala kiroboto, anampa mwenzake moja kwa moja kwa kikohozi. Na huyo wa pili hapati mtoki, yake inaanzia mapafuni, siku moja mpaka nne tu, wengine saa chache: homa, kifua kinabana, makohozi yenye damu. Huyo asipotibiwa karibu hakuna anayepona.

Nkupe kisa cha jirani zetu Madagaska, 2017. Mwanamme wa miaka 31 alikuwa wilaya ya Ankazobe, nyanda za juu, tarehe 23 Agosti akaanza dalili zinazofanana na malaria. Sasa nani asingefikiri malaria? Siku ya nne akapanda gari ya abiria, safari ya Tamatave, gari inapita mji mkuu Antananarivo. Akazidiwa njiani akafa. Hakuna aliyejua ni tauni, maiti ikashughulikiwa kama maiti yoyote. Watu 31 waliohusiana nae waliugua, wanne wakafa, na ilikuwa mpaka kati ya Septemba, baada ya mama mmoja kufa Antananarivo, ndo ikajulikana. Mpaka mwisho wa Novemba wagonjwa walipita 2,400, waliokufa 200 na kidogo, na wengi wao walikuwa wa mapafu.

Sasa kalamu. Andika: Jumanne nimeshuka boti nikitoka sehemu yenye tauni. Alhamisi saa 11 alfajiri baridi na homa. Hapo ndo saa yako imeanza, si pale unapofika hospitali. Umekunywa panadoli, umelala, umeambiwa na shemeji ni uchovu, Ijumaa saa 11 jioni ndo unakwenda. Hesabu: saa 36. Kwa tauni ya mapafu dawa inatakiwa iingie ndani ya saa 24 tangu dalili ya kwanza, ikipita hapo nafasi ya kupona inashuka sana. Sababu ni kwamba antibaiotiki inaua bakteria lakini haiondoi sumu waliyokwisha kuimwaga damuni, wala haikurudishii mapafu yaliyojaa maji. Unaweza ukawa umewaua wote na mtu akafa vilevile.

Ndo maana daktari anachukua makohozi au maji ya mtoki kwa sindano ya kupeleka maabara, na anaanza dawa hapohapo bila kusubiri majibu. Sindano ya streptomaisini au jentamaisini, au siprofloksasini, au doksisaiklini, siku 10 mpaka 14. Amoksilini ile unayonunua dukani haitibu tauni, naomba hili ulisikie vizuri kwa sababu ndo inayotupotezea siku: mtu anakunywa siku mbili anaona anajitibu, kumbe saa inakwenda. Na ukifika mapokezi sema mwenyewe "nimetoka sehemu yenye tauni", usingoje kuulizwa, maana kipimo cha malaria kikisema huna unaweza ukarudishwa nyumbani na panadoli nyengine.

Mgonjwa anayekohoa avae maski, na wewe vaa, kaeni mbali zaidi ya mita mbili. Alafu geuza karatasi, andika nani alikaa nae karibu kwenye boti, nani alimlisha, nani alilala nae chumba kimoja. Hao wasingoje homa, mtu mzima anapewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7, watoto na wajawazito daktari ndo ataamua. Na akifariki, Mungu atuepushe, wale waoshaji nao waandike humo, na kabla hawajamgusa wawaite watu wa afya waje na glavu, maski na maelekezo ya kumuosha.