Tarehe 31 Desemba haiui likizo ya mtu

Ndugu mwenyekiti, ndugu maofisa rasilimali watu na viongozi wa matawi mliotoka Igogo, Ilemela na Nyakato, wakubwa shikamooni. Baadhi yenu mmenisikia nikilisema jambo hili mwaka jana na mwaka juzi, na nawaona wawili pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Nitaacha kulisema siku nitakapopita mwezi Desemba mbele ya mageti ya viwanda vyetu nisikute tangazo lenye maneno haya: "Siku zote za likizo zisizotumika zitafutwa ifikapo tarehe 31 Desemba, na hakuna atakayevusha zaidi ya siku tano."

Tangazo hilo linadhani kwamba mwaka wa likizo ni mwaka wa kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Mzunguko wa likizo ni miezi 12 ya ajira inayohesabiwa tangu siku mfanyakazi alipoanza kazi, kisha miezi 12 mingine baada ya hiyo. Watu 200 walioajiriwa kwa tarehe tofauti wana mizunguko inayoisha kwa tarehe tofauti, na kalenda ya ukutani, hata ikiwa na picha nzuri ya Jiwe la Bismarck, haiwezi kuwafungia hesabu kwa usiku mmoja.

Niwasimulie habari ya kijana mmoja wa chumba cha baridi katika kiwanda cha minofu ya sangara, ambacho sitakitaja jina. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 2023, kwa hiyo mzunguko wake wa kwanza uliisha tarehe 31 Machi 2024. Katika siku zake 28 alikuwa amekwenda 18, zikabaki 10. Mwezi Juni aliomba hizo 10 ili apande meli aende kwao Ukerewe kumsaidia mama yake kuezeka nyumba. Fomu ilirudi ikiwa na maneno mawili ya msimamizi: "Samaki wengi." Mwezi Agosti akaomba tena, na safari hii msimamizi akaandika: "Samaki wengi. Subiri hadi Januari," akatia saini, na kijana naye akatakiwa kutia saini chini yake. Fomu hiyo aliikunja, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu mikono ya watu wa chumba cha baridi haikauki, akaenda kuihifadhi nyumbani.

Desemba likatoka tangazo: kiwanda kitafungwa kuanzia Jumamosi tarehe 21 Desemba 2024 hadi Jumapili tarehe 5 Januari 2025, yaani siku 16, nazo zitakatwa kwenye likizo. Ofisi ikachukua siku 10 za zamani, ikajumlisha na 28 za mzunguko unaoendelea, ikapata 38. Ikatoa 16, zikabaki 22. Ikaruhusu zivuke tano, na 17 ikazipigia mstari mwekundu. Kijana alikuja kwangu na ile fomu, bado ina harufu ya samaki, akaniuliza: "Mzee, siku 17 zinafaje na mimi nilikuwa kazini?"

Tuihesabu upya, polepole. Kifungu cha 31 kinampa mwajiri haki ya kupanga likizo ichukuliwe lini, lakini kinamwekea mpaka: isichelewe zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Mpaka huo husogea hadi miezi 12 pale tu mfanyakazi anaporidhia na mahitaji ya kazi yakihalalisha ucheleweshaji. Zile siku 10 za zamani zilipaswa kuchukuliwa kabla ya Septemba 2024 kwisha. Je, kulikuwa na sababu ya kikazi ya kuzichelewesha? Msimamizi ameiandika kwa mkono wake: samaki wengi. Je, kulikuwa na ridhaa? Saini ya kijana ipo chini ya neno "Subiri". Kwa hiyo mpaka wake ulisogea hadi tarehe 31 Machi 2025, na siku hizo zilikuwa hai kiwanda kilipofungwa. Hizo ndizo zinazoliwa kwanza na zile siku 16, kisha sita zinatoka kwenye mzunguko wa pili. Zinabaki 22, zote za mzunguko ambao wakati huo ulikuwa haujaisha hata wenyewe, nazo zilikuwa na nafasi ya kuchukuliwa hadi tarehe 30 Septemba 2025. Zilizokufa ni sifuri.

Najua ofisa mmoja hapa anataka kuniambia kwamba kampuni yake ina sera, na sera inasema siku tano. Ndugu yangu, kama mkataba wenu unatoa siku 30, basi zile mbili za juu ya 28 ni zawadi yenu, ziwekeeni masharti mnayoyataka. Hizi 28 si zawadi, na sera haiwezi kuzipunguza chini ya sheria.

Nanyi wa matawi msipige makofi mapema. Kila mwaka mnaniletea malalamiko kwamba Krismasi, tarehe 26, Mwaka Mpya na Jumapili zimekatwa kwenye likizo. Siku 28 za sheria ni siku za kalenda. Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa, isipokuwa mkataba wenu au mkataba wa hali bora unasema "siku za kazi". Someni mkataba kabla ya kuniamsha asubuhi. Tena sheria ina makali upande wenu pia: likizo isiyochukuliwa ndani ya mipaka ile haidaiwi fedha siku ajira inapokwisha. Asiyeomba, akakaa kimya miaka mitatu akidhani anaweka akiba, hana akiba. Aliyeomba akakataliwa atunze fomu iliyokataliwa, kwa maana hiyo ndiyo ya kwanza nitakayoiweka mezani mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mgogoro wa namna hii hupelekwa ndani ya siku 60.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Sheria inataja siku 28 za mfululizo, kwa hiyo mwajiri anayeikata likizo vipande kwa ajili ya kufunga kiwanda achukue saini ya mfanyakazi, asitegemee tangazo la getini peke yake. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita bado hana likizo ya kulipwa ya kukatwa. Tangazo liseme waziwazi kama mshahara wake utaendelea siku kiwanda kimefungwa, kwa sababu likikaa kimya mtagombana Januari. Hesabu ya malipo ya siku moja kwa kila siku 13 za kazi kwa anayeacha kazi naiacha, ingawa nilikuwa nimeiandaa.

Moja tu siliachi. Malipo ya likizo hutolewa kabla likizo haijaanza. Ukiita siku za kufunga kiwanda "likizo", basi kwa tangazo lile la kijana wetu malipo ya siku hizo 16 yalitakiwa kuwa mikononi mwa watu Ijumaa tarehe 20 Desemba, kabla geti halijafungwa. Yalitoka tarehe 31, na yule kijana alikuwa ameshakopa nauli ya meli.