Kutenganisha Wageni, Simu na Ofisi kwa VLAN: Mhadhara kwa Mafundi wa Mitandao wa Hoteli, Bagamoyo

Waheshimiwa wasimamizi wa hoteli, ndugu zangu mafundi, wazee wangu shikamooni, na nyote habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kutenganisha mtandao wa wageni, wa simu na wa ofisi kwa VLAN ili sauti za simu zisikatike. Nitafanya hivyo kwa kufuata hoteli moja ya vyumba 40 iliyo hapa pwani, ambayo nilishughulikia mtandao wake mwenyewe, kwa sababu hoteli hiyo ilikuwa na kasoro mbili tofauti zilizofanana kwa sikio.

Malalamiko yalikuwa haya. Kila siku ilipofika kama saa 2 usiku, wageni wanaporudi kutoka ufukweni na kula chakula cha jioni, simu ya mapokezi ilianza kukatakata maneno, na simu za mkononi za waifai walizobeba wahudumu wa vyumba zilikuwa hazisikiki kabisa karibu na ukumbi wa chakula. Asubuhi zote zilikuwa nzima.

Mtandao wote ulikuwa mmoja. Zamani ulitumia anwani za 192.168.1.0/24, ambazo zinatosha vifaa 254, lakini mgeni wa siku hizi huja na simu mbili na kompyuta, na mgao wa anwani ukawa unakwisha kabla ya jioni. Fundi aliyetangulia aliupanua ukawa /22, yaani nafasi 1022. Tatizo la anwani likaisha, ila sasa mamia ya vifaa vya wageni vikawa katika uwanja mmoja na simu 26 za hoteli, na kila tangazo la kifaa kimoja likawa linafikishwa kwa vyote.

Matangazo hayo ni ya lazima. Kifaa kinachotafuta anwani ya jirani yake huuliza wote kwa ARP, kinachoingia mtandaoni huomba anwani kwa DHCP kikiwa bado hakimjui mtoaji, na simu za wageni hutangaza huduma zao kwa mDNS. Swichi haina namna ya kujua nani anahitaji tangazo kama hilo, kwa hiyo hulitoa katika matundu yake mengine yote.

Nilichomeka kompyuta kwenye tundu la simu ya mapokezi, nikafungua Wireshark jioni, na nikahesabu takriban fremu 80 za matangazo kwa sekunde. Naomba tuzipime kwanza kabla ya kuzilaumu. Tukichukulia wastani wa baiti 200 kwa fremu, hizo ni kilobiti 128 kwa sekunde, katika waya wenye uwezo wa megabiti 100. Kiasi hicho hakiwezi kukata simu ya waya. Kwa hiyo fundi atakayemwambia mwenye hoteli kwamba matangazo ndiyo yaliyoharibu simu ya mapokezi atakuwa amekosea, na baada ya kuweka VLAN zake ataitwa tena kwa tatizo lile lile.

Hewani hesabu ni nyingine kabisa. Kituo cha waifai hupeleka tangazo kwa kasi ya chini kuliko zote kinazoziruhusu, ili kila kifaa, hata kilicho mbali, kiweze kulipokea, na katika bendi ya 2.4 GHz kasi hiyo mara nyingi ni megabiti 1 kwa sekunde. Swali la ARP la baiti 80 hivi hukalia hewa kwa milisekunde 0.8 pamoja na utangulizi wake, na tangazo la mDNS la baiti 300 hukalia milisekunde 2.6. Ikiwa nusu ya zile fremu 80 ni fupi na nusu ni ndefu, kila sekunde hupotea milisekunde 137, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wa hewa, kabla mgeni hata mmoja hajafungua video. Ukumbi wa chakula ulikuwa na vituo viwili katika chaneli ile ile, kila kimoja kikirudia matangazo yale yale, kwa hiyo hasara ilikuwa maradufu. Hapo ndipo simu za wahudumu zilipozama.

Jinsi ya kuzitofautisha kasoro hizi mbili ni rahisi na haihitaji kifaa chochote. Saa ile ya malalamiko, piga kutoka simu ya waya ya mapokezi kwenda simu ya waya ya jikoni. Sauti ilikuwa safi. Kisha piga kutoka simu hiyo hiyo ya mapokezi kwenda nje ya hoteli. Sauti ilikatika. Simu ya ndani haigusi njia ya intaneti, ya nje huigusa, kwa hiyo kasoro ya mapokezi ilikuwa kwenye mlango wa kutokea. Mwisho, piga kutoka simu ya waifai ya mhudumu kwenda jikoni. Ikikatika, na hii ilikatika, kasoro yake iko hewani.

Tuutazame mlango wa kutokea. Hoteli ilikuwa na megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha. Mazungumzo ya simu kwa mfumo wa G.711 hutuma pakiti 50 kila sekunde, moja kila milisekunde 20, na pamoja na vichwa vyake huchukua kilobiti 87 hivi kila upande. Simu sita kwa wakati mmoja ni nusu megabiti, ambayo ni kidogo. Lakini mgeni anapopandisha picha za mchana, ruta hujaza foleni yake. Foleni yenye baiti 250,000 ni biti milioni 2, na kwa megabiti 5 kwa sekunde huchukua sekunde 0.4 kuisha. Pakiti ya sauti inayofika nyuma ya foleni hiyo husubiri milisekunde 400, wakati mwongozo wa G.114 wa ITU unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mengi. Foleni inapojaa hadi juu, pakiti zinazofuata hutupwa, na hapo ndipo maneno hukatika.

Sasa VLAN inaingiaje? VLAN huigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizoonana. Kwa kanuni ya IEEE 802.1Q, fremu hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye namba ya VLAN inapopita kati ya swichi na swichi. Tulichagua namba tatu: 10 kwa ofisi yenye anwani 10.10.10.0/24, 20 kwa simu yenye 10.10.20.0/24, na 30 kwa wageni yenye 10.10.32.0/22, kwa sababu wageni bado walihitaji anwani nyingi. Simu ya mezani ina tundu la kupitishia kompyuta, kwa hiyo tundu moja la ukutani lilibeba ofisi na simu pamoja:

```
lldp run
!
interface GigabitEthernet0/5
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 switchport voice vlan 20
```

Kompyuta hutuma fremu bila lebo, na swichi huziingiza katika VLAN 10. Simu huambiwa na swichi, kwa njia ya LLDP-MED, kwamba ibandike lebo ya 20 kwenye fremu zake. Tangu siku hiyo, nikichukua tena hesabu kwenye VLAN ya simu, zile fremu 80 hazikuwepo. Zilizobaki ni za simu zenyewe, chache mno.

Faida kubwa zaidi kwangu, na naomba mniruhusu nisisitize, ilikuwa kwenye ruta. Simu huweka alama ya DSCP 46 kwenye pakiti za sauti ili zipewe kipaumbele, lakini hakuna kinachozuia kifaa cha mgeni kuweka alama hiyo hiyo. Kabla ya kutenganisha, ruta haikuwa na njia ya kuaminika ya kumtambua nani ni nani. Baada ya kutenganisha, tuliiambia kwamba kinachotoka VLAN 20 kitangulie, na alama yoyote inayotoka VLAN 30 ifutwe. Pia tuliiwekea kikomo cha megabiti 4.5 za kupandisha, chini kidogo ya uwezo wa njia, ili foleni ijipange ndani ya ruta yetu tunayoitawala, badala ya ndani ya kifaa cha mtoa huduma tusichokitawala. Bila kikomo hicho, kipaumbele hakifanyi kazi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba ruta, ikiachwa ilivyo, mara nyingi huunganisha VLAN zote zinazopita kwake. Wageni wanakuwa wametenganishwa kwa matangazo tu, huku bado wanaweza kuifikia kompyuta ya mhasibu kwa anwani yake. Kwa hiyo lazima kuwe na kanuni ya wazi inayowazuia wageni wasiingie 10 wala 20.

Kwa upande wa hewa, VLAN peke yake isingetosha, kwa kuwa VLAN zote zinazopita katika kituo kimoja hugawana redio moja. Tulitenganisha chaneli za vile vituo viwili, tukawasha utengano wa wateja ili tangazo la mgeni mmoja lisirudishwe hewani kwa wengine, tukapandisha kasi ya chini hadi megabiti 12, jambo linaloshusha muda wa kila tangazo hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa awali, na simu za wahudumu tukazihamishia 5 GHz. Gharama yake ni kwamba vifaa vya zamani sana vya 802.11b haviwezi tena kujiunga, na kwamba mgeni aliye ukingoni kabisa mwa bustani hapati tena mtandao. Mwenye hoteli alielezwa kabla, naye akakubali.

Siku ya kubadilisha, simu tatu za jengo la nyuma hazikupata anwani. Sababu ilikuwa swichi ya katikati, ambayo kiungo chake kilikuwa kimeruhusiwa 10 na 30 tu. Tuliongeza 20, kikawa hivi:

```
interface GigabitEthernet0/24
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30
```

Kosa la namna hiyo halijifichi, kwa sababu simu haifanyi kazi kabisa na mtu hulalamika papo hapo. Lililonisumbua zaidi lilikuwa simu ya stoo, iliyopiga na kupokea vizuri kwa wiki mbili, kisha ikaanza kukatika Jumamosi usiku peke yake. Nilipofungua menyu yake, skrini ilionyesha 10.10.10.57. LLDP-MED ilikuwa imezimwa ndani ya simu hiyo, kwa hiyo haikupata kuambiwa habari za VLAN 20, ikapewa anwani ya ofisi, na sauti yake ikawa inapanga foleni pamoja na kazi za ofisi. Tuliiwasha, simu ikajizima na kuwaka upya, ikapata 10.10.20.31. Tangu hapo, kazi yangu ya mwisho katika kila hoteli ni kupita kwenye simu moja baada ya nyingine na kusoma namba ya tatu ya anwani yake kwa macho yangu.