Machaguo mawili yanapofanana kama pacha

Walimu wenzangu, habari za mchana. Tuanze moja kwa moja na swali la sayansi la aina ambayo darasa la saba wanaifahamu. Nimeliandika hapa ubaoni:

Kupatwa kwa jua hutokea wakati:
A. mwezi unapokuwa kati ya jua na dunia
B. dunia inapokuwa kati ya jua na mwezi
C. jua linapokuwa kati ya dunia na mwezi
D. dunia inapokuwa kati ya mwezi na jua

Mtoto akisoma haraka anaona maneno yaleyale matatu yakichezeshwa. Anasoma mara ya pili, ya tatu, na kila akirudia anazidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa jicho linarudi kwenye yanayofanana. Mfundisheni kufanya kinyume chake. Apige mstari chini ya kinachotofautiana tu, yaliyobaki ayaache.

Tuanze na B na D. Kilichobadilika ni mpangilio: "jua na mwezi" pamekuwa "mwezi na jua". Je, maana imebadilika? Haijabadilika. Aliyekaa kati ya Juma na Asha amekaa kati ya Asha na Juma. Basi B na D ni kauli moja iliyoandikwa mara mbili. Swali lina jibu moja tu, kwa hiyo zote mbili zinaanguka kwa pamoja, hata kwa mtoto asiyejua lolote kuhusu kupatwa kwa jua. Lakini angalieni: hilo ni kwa "kati ya" na maneno ya namna hiyo. Mkikutana na "kutoka magharibi kwenda mashariki" na "kutoka mashariki kwenda magharibi", mpangilio ndio maana yenyewe. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na anayefuta zote mbili kwa kuwa zinafanana amefuta na jibu.

Tumebaki na A na C. Tofauti ni nani yuko katikati, mwezi au jua. Hapa mtoto aifanye tofauti hiyo kuwa swali la ndiyo au hapana: jua linaweza kuingia kati ya dunia na mwezi? Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu, jua liko kama kilomita milioni 150. Haliwezi. Jibu ni A.

Sasa tuseme mtunzi hakuweka D, na mtoto amebaki na A na B. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, na si kwa kutojua. Dunia ikikaa kati ya jua na mwezi, kweli kuna kitu kinapatwa: ni mwezi. B ni maelezo sahihi ya tukio jingine. Vipotoshi vizuri hutengenezwa hivyo, kwa ukweli uliohamishwa kutoka mahali pake. Kwa hiyo mtoto asijiulize tu "hii ni kweli?" Arudi kwenye shina la swali, alisome pamoja na chaguo kama sentensi moja: "Kupatwa kwa jua hutokea wakati dunia inapokuwa kati ya jua na mwezi." Kisha ajiulize kivuli kinaangukia wapi. Hapo kivuli cha dunia kinaangukia mwezi, jua halijazibwa na chochote kwa aliye duniani. B inaondoka.

Kiswahili chetu kina mtego mwingine ambao hauonekani kirahisi: tofauti hujificha ndani ya kitenzi. "Mwezi humulika jua" na "mwezi humulikwa na jua" zinaachana kwa silabi na kiunganishi, na zinasema mambo yanayopingana. Au hizi mbili: "malaria husababishwa na mbu jike wa anofelesi" na "malaria huenezwa na mbu jike wa anofelesi". Maneno yote ni yaleyale isipokuwa kitenzi. Mbu hueneza, kinachosababisha ni vimelea vya plasmodiamu. Mwanafunzi anayetafuta neno "anofelesi" tu atachagua lolote litakalomfikia kwanza.

Na shina likiwa na "ISIPOKUWA", hesabu inageuka: linalotafutwa ni chaguo la uongo. Mtoto aandike K au U pembeni ya kila chaguo kwenye karatasi ya maswali, ndipo achague yenye U. Akichagua bila kuandika, mkono unakwenda kwenye ukweli wa kwanza anaoukuta.

Pacha zikigoma kabisa kutengana, aweke alama pembeni ya swali, aendelee, arudi baadaye. Kwenye fomu ya kusiliba, akibadili jibu, afute herufi ya kwanza hadi iwe safi. Kivuli kikibaki, mashine inaweza kusoma majibu mawili, na swali alilolichambua vizuri likakosa alama.