Kwa nini mama wa sokoni alianza kukimbia: fremu 24 ndani ya saa ya 30

Mhadhara uliotolewa Arua kwa vijana wanaotengeneza michezo ya kompyuta

Wakubwa, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za mchana.

Nimekuja na mama mmoja wa sokoni. Ni mhusika wa mchezo tuliokuwa tukiutengeneza, amebeba kikapu kichwani, anatembea kwa utulivu kama mnavyowaona kina mama wetu asubuhi wakienda kupanga bidhaa. Mwendo wake niliuchora mwenyewe kwenye Blender kwa muda wa siku nne. Jumatatu nilimpeleka kwenye injini ya Godot, akatembea vizuri. Alhamisi nikampeleka tena, na mama yule yule akawa anakwenda mbiombio, kikapu kinatikisika, nyayo zinateleza juu ya vumbi. Faili la mwendo wake sikuwa nimeligusa hata kidogo. Kilichoongezeka katikati ni kijana mmoja mcheza ngoma ya agwara.

Kabla sijaeleza kijana alivyohusika, tuelewane jambo moja. Blender haihifadhi mwendo kwa sekunde. Inahifadhi namba za fremu. Fremu kuu ya kwanza ya mama ilikuwa namba 1, ya mwisho namba 25, na pozi la 25 ni lile lile la 1 ili mwendo ujirudie bila kukatika. Kati yake kuna nafasi 24. Je, nafasi 24 ni muda gani? Mwendo wenyewe haujui. Saa inayojua iko kwingine, kwenye tabo ya Output Properties, pale palipoandikwa Frame Rate. Blender mpya huanza na 24, kwa hiyo nafasi 24 zilikuwa sekunde 1 kamili. Mtu akiibadilisha saa hiyo iwe 30, hakuna fremu kuu inayosogea. Nafasi ni zile zile 24, ila sasa zinaisha kwa sekunde 0.8.

Faili la glTF, ambalo ndilo tunalotumia kupeleka kazi Godot, lenyewe linahifadhi sekunde. Kwa hiyo wakati wa kutoa faili, Blender inachukua namba za fremu, inazigawa kwa saa iliyopo wakati ule, na jibu ndilo linaloandikwa. Kwa kuwa mwendo wa mama unaanzia namba 1, wakati wa kutoa tunawasha Set all glTF Animation Starting at 0, ili uhesabiwe kuanzia sekunde 0. Saa ikiwa si ile uliyochorea, kosa linagandishwa humo. Godot inapokea sekunde 0.8 na kucheza sekunde 0.8 kwa uaminifu wote. Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu anahangaika saa nzima ndani ya injini, akitafuta kosa ambalo lilishafungwa kwenye faili.

Sasa yule kijana. Miondoko yake ilinaswa kwa kamera, ikaja kama faili la FBX la fremu 30 kwa sekunde. Mwenzangu aliliingiza kwenye faili lile lile la mama ili awaone wakiwa pamoja. Kile kiingizaji cha FBX kilichoandikwa kwa Python, ambacho Blender imekuwa nacho kwa miaka mingi, kinasoma kasi ya fremu iliyomo kwenye FBX na kuiweka kwenye onyesho lako. Hakiulizi. Saa ikatoka 24 ikawa 30, kijana akacheza sawasawa, na mama akaanza kukimbia. Njia nyingine ya kuingia shimo hilo hilo ni kuchota mwendo kutoka faili la Blender la fremu 24 kwa Append na kuuweka kwenye faili la 30. Zinazohama ni namba. Saa inabaki kule ulikozitoa.

Utajuaje kwamba tatizo ni hili na si jingine? Pima muda, usitegemee jicho. Kwenye Godot, uliza urefu wa klipu:

```gdscript
print($AnimationPlayer.get_animation("tembea").length)
```

Kisha gawanya urefu uliopata kwa urefu uliokusudia. Mimi nilipata 0.8 nilipotaka 1. Na 24 gawanya kwa 30 ni 0.8 kamili. Hiyo ni alama ya kidole cha mkosaji. Ukipata 1.25, imekwenda kinyume: kazi ya 30 imesomwa na saa ya 24, na mhusika anaburuta miguu. Ukipata nusu, kazi ya 30 imesomwa na saa ya 60. Lakini ukipata namba isiyotokana na kasi zozote mbili za fremu, au urefu ukawa sahihi na bado mhusika anakimbia, acha kusumbua Blender. Kaangalie kama kuna mtu amegusa `speed_scale`, au kama msimbo wenu unausogeza mwendo kwa mkono kila picha inapochorwa. Hilo la pili ni ugonjwa tofauti, na dalili yake ni kwamba kasi hubadilika kutoka simu moja hadi nyingine. Anayeandika `advance(1.0 / 30.0)` ndani ya `_process` atamwona mhusika akienda kasi mara mbili kwenye simu inayochora picha 60 kwa sekunde, aandike `advance(delta)`. Mama yetu alikimbia kwa kipimo kile kile kwenye kila simu.

Zile nyayo zinazoteleza nazo zina hesabu yake. Msimbo ulikuwa unamsogeza mama mita 1.4 kila sekunde, na miguu yake ilichorwa kufunika mita 1.4 kwa mzunguko mmoja wa hatua mbili. Mzunguko ulipofupika hadi sekunde 0.8, mwili ulisogea mita 1.12 tu huku miguu ikipiga hatua za mita 1.4. Tofauti ni sentimita 28, yaani kila unyayo unateleza nyuma kama sentimita 14. Mkiona mhusika anakanyaga kana kwamba yuko juu ya tope la mvua ya Aprili, pimeni klipu kabla hamjagusa kasi ya kumsogeza.

Dawa ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kupunguza kasi ndani ya injini: weka `speed_scale` iwe 0.8, mama anatulia, kazi inaendelea. Naikataa, na sababu ni ya siku ya baadaye. Mwezi ujao mwenzako atagundua saa ya Blender, atairekebisha kwa nia njema, na faili litatoka na sekunde 1 sahihi. Ile 0.8 yako bado imekaa. Mama atachukua sekunde 1.25 kwa mzunguko, na sasa mna makosa mawili yanayofichana. Tena `speed_scale` ni ya `AnimationPlayer` nzima, kwa hiyo klipu ya kusimama na ya kuinama, ambazo pengine zilikuwa sahihi, zinapunguzwa pamoja nayo.

Tibu kwenye chanzo. Kurudisha saa iwe 24 hakukututosha, kwa sababu ngoma ya kijana ilikuwa na nafasi 90, sekunde 3 kwa saa ya 30, na kwenye saa ya 24 ingekuwa sekunde 3.75. Agwara ya namna hiyo hakuna mtu wa West Nile angeikubali. Faili moja lina saa moja, lazima mmoja afuate. Tuliamua 30 iwe saa ya wote, tukaunyoosha mwendo wa mama kwa 30 gawanya kwa 24, yaani 1.25.

Fungua Dope Sheet. Peleka kishale cha muda kwenye fremu kuu ya kwanza, kwetu namba 1, kwa kuwa unyooshaji unaanzia pale kishale kilipo. Ukikiacha katikati, mwanzo wa klipu utasukumwa nyuma ya 1. Chagua zote kwa A, bonyeza S, andika 1.25, kisha Enter. Ile ya 25 inatua 31, kwa sababu nafasi 24 zimekuwa 30. Mwisho wa kucheza ndani ya Blender weka 30, kwa kuwa 31 ni marudio ya 1.

Hapa tulikosea mara ya kwanza, nawaeleza wazi. Dope Sheet kwa kawaida inaonyesha vitu vilivyochaguliwa tu. Tulinyoosha mwili, kikapu kikabaki, kwa sababu kikapu kilikuwa na mwendo wake peke yake. Kikawa kinaruka wakati kichwa kinashuka. Zima Only Show Selected kwanza, na usiwaguse wale waliokuja na saa ya 30 tayari. Alama za muda ulizoweka kwa ajili ya sauti ya hatua zikague pia, zisije zikabaki mahali pa zamani.

Kisha kuna suala la nusu fremu. Pozi la mguu kugusa chini lilikuwa nafasi 12 kutoka mwanzo, likawa 15, safi. Lakini pozi la mguu kupita mguu lilikuwa nafasi 6, likawa 7.5, na mwenzake wa upande wa pili, nafasi 18, akawa 22.5. Kama kunasa kwenye fremu kamili kumewashwa, Blender itazisogeza hizo nusu, na zikitupwa pande tofauti mguu mmoja unakuwa mwepesi kuliko mwingine. Mama anachechemea kidogo sana, kiasi cha kukufanya utilie shaka macho yako. Zima huko kunasa kabla ya kunyoosha.

Mwishowe hakikisha ndani ya Blender kabla ya kutoa faili, mhusika akiwa amechaguliwa:

```python
import bpy
s = bpy.context.scene
fps = s.render.fps / s.render.fps_base
a = bpy.context.object.animation_data.action
mwanzo, mwisho = a.frame_range
print((mwisho - mwanzo) / fps)
```

Ikikuambia 1.0, toa. Huo mgawanyo wa `fps_base` msiuache, maana kuna kasi kama 29.97 ambayo Blender huiandika kama 30 gawanya kwa 1.001.

Dada mmoja hapa mbele ameniuliza kama ni lazima kunyoosha, ikiwa kila mhusika ana faili lake. Hapana, dada yangu. Mama akibaki peke yake kwenye faili la 24, atatoka na sekunde 1 sahihi, na Godot itamchukulia sampuli upya kwa kasi iliyowekwa kwenye mipangilio ya kuingiza, ambayo huanza na 30. Muda hautabadilika. Ila kama huenda siku moja ukaunyoosha mwendo wake uingie kwenye faili la 30, chagua urefu unaogawanyika kwa 4, kwa sababu kila nafasi 4 za saa ya 24 ni nafasi 5 za saa ya 30. Mwendo wa nafasi 24 unatua 30. Mwendo wa nafasi 22 unatua 27.5, na hiyo nusu inaangukia pale klipu inapojirudia, ndipo mnaweza kuona kikapu kikishtuka mara moja kila mzunguko. Ukiwa na wa namna hiyo, uongeze hadi 24 au uupunguze hadi 20 ukiwa bado unachora.